Aya ya mikoko nimeiandika upya, isome kabla hujatuma

Mdogo wangu, salama? Ripoti nimeisoma yote jana baada ya isha, nikafika kwa aya ya matokeo nikakaa hapo hapo, manake kazi yako ya miezi sita iko hapo na hapo ndipo ulipoifunika. Uliandika hivi:

"Kinyume na matarajio, miche ya kitaluni ilikufa zaidi kuliko mbegu zilizochomekwa moja kwa moja. Hata hivyo matokeo haya yasichukuliwe kwa uzito, kwani huenda wasaidizi walikosea kuhesabu, au kusi lilianza mapema, au mawimbi ya boti yaliing'oa miche, au udongo ulikuwa na chumvi nyingi, au miche ilikaa sana kitaluni, na kwa jumla miche ya kitaluni bado ndiyo bora."

Hao wasaidizi ni kina mama wa kikundi, walihesabu mara mbili na wewe ukiwa umesimama na daftari, na ripoti hii watasomewa wao. Lau hesabu ingekuja ulivyotaka usingewashuku, kwa hivyo hilo nimelitoa kabisa. Hizo sababu nyingine nimezitafuta kwenye picha za daftari ulizonitumia, chumvi hukupima, boti hukuandika popote, kusi halina tarehe. Kitu kimoja tu kimeandikwa kwa mkono wako siku ya kupanda, mizizi iliyokatika wakati wa kuchana vifuko, na hicho ndicho nimekibakisha. Haya sasa:

"Tulianza na dhana kwamba miche ya mkoko iliyokuzwa kitaluni ingeishi zaidi kuliko mbegu zilizochomekwa moja kwa moja kwenye tope, kwa sababu ina majani na mizizi tayari na tulidhani kaa wangeishindwa. Matokeo hayakuunga mkono dhana hiyo. Baada ya miezi sita, miche ya kitaluni iliyokuwa hai ni 171 kati ya 300 (asilimia 57), na mbegu zilizochomekwa ni 219 kati ya 300 (asilimia 73). Tofauti ilionekana kwenye viwanja viwili vya Kipungani (52 kwa 78, na 55 kwa 77, kila upande ukiwa na 100), lakini Matondoni haikuwepo, 64 kwa 64. Hesabu ilifanywa mara mbili maji yakiwa yamekupwa na ikatoka sawa. Siku ya kupanda tuliandika miche 38 ya kitaluni iliyokatika mizizi kifuko kilipochanwa, na kati ya hiyo 29 ilikufa. Tukiitoa yote 38, iliyobaki hai ni 162 kati ya 262 (asilimia 62), bado chini ya mbegu. Kukatika kwa mizizi basi kunaweza kueleza sehemu ya tofauti, si yote. Kwa nini Matondoni ilikuwa tofauti, vipimo tulivyochukua havitoshi kusema."

Basi, imeishia hapo. Najua mkono utakuwasha uongeze sentensi moja ya kujitetea pale mwisho, usiongeze. Ile Matondoni niliona kwenye rasimu uliichanganya kwenye jumla ikapotea, na mimi naona ndiyo namba muhimu kuliko zote, manake kama kitalu kingekuwa kibaya tu chenyewe kingeanguka kote. Mkoko mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, inashuka ikiwa na urefu wake na chakula chake, wazee wetu wanazichomeka tu siku zote, kwa hivyo mtu wa Lamu akisoma matokeo haya hatashangaa sana, atakayeshangaa ni aliyetoa pesa za vifuko. Lakini hilo usilitie kwenye aya ya matokeo, kama unalitaka lipeleke kwenye mjadala na uliandike kama maelezo yanayowezekana, hukulipima.

Na "miche ya kitaluni bado ndiyo bora" nimeifuta. Ulipima mkoko peke yake, viwanja vitatu, miezi sita, hakuna mchu wala mkandaa humo. Pia usije ukageuza dhana yako kule mwanzoni ionekane kama ulitarajia mbegu zishinde, utangulizi uache ulivyo, ulichodhani mwezi wa kwanza ndicho ulichodhani.

Kabla hujatuma nifanyie moja, fungua ukurasa wa Matondoni uhakikishe ile 64 ya pili ni 64 kweli, kwenye picha naona kama imeandikwa juu ya namba nyingine. Ikiwa ni nyingine nambie, asilimia zote tutazipiga upya leo usiku.