Aya ya Maji Maji: rasimu yako na pendekezo langu

Shikamoo Mwalimu,

Nimeisoma aya uliyotuletea kwa ajili ya kamusi elezo ya sekondari. Naiweka hapa kama ulivyoiandika, kisha inafuata niliyoipanga upya. Naomba uzisome zote mbili kwa utulivu kabla hatujaongea kwa simu.

Rasimu yako:

"Vita vya Maji Maji (1905–1907) ni vita vya kishujaa kuliko vyote katika historia ya Afrika. Mababu zetu walichoshwa na unyama wa Mjerumani dhalimu aliyewalazimisha kulima pamba kwa mjeledi. Ndipo alipotokea Kinjikitile Ngwale, nabii mkuu wa Ngarambe, akawagawia watu maji ya kishirikina wakidhani risasi zitageuka maji. Moto ukasambaa kwa kasi ya ajabu kutoka Umatumbi hadi Ungoni, ingawa makabila vibaraka yalikaa kando. Kwa masikitiko makubwa uasi huo ulizimwa, na njaa ikazuka ikaua maelfu kwa maelfu ya watu wasio na hatia. Bila shaka damu yao ndiyo iliyoleta uhuru wa mwaka 1961."

Pendekezo langu:

"Vita vya Maji Maji (1905–1907) vilipiganwa katika eneo ambalo sasa ni kusini mwa Tanzania, kati ya jamii kadhaa za eneo hilo na serikali ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chini ya gavana Gustav Adolf von Götzen, kuanzia mwaka 1902, wakazi wa wilaya kadhaa walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya pamoja ya pamba kwa malipo madogo. Kinjikitile Ngwale, mganga na kiongozi wa kidini wa Ngarambe, aligawa dawa ya maji ambayo wafuasi wake waliamini ingewakinga na risasi. Mwishoni mwa Julai 1905 wakazi wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini mapigano yaliendelea na kuwafikia Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walioshambulia boma la Mahenge walirudishwa nyuma kwa bunduki za rashasha. Wahehe, ambao walipigana na Wajerumani katika miaka ya 1890, hawakujiunga, na baadhi yao walikuwa upande wa serikali. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji na mashamba na kuteketeza akiba za chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko mapigano. Serikali ya Ujerumani ilikadiria vifo 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Nduna Songea Mbano wa Wangoni alinyongwa mwaka 1906. Mwaka 1956 Julius Nyerere alivitaja vita hivyo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa alipozungumzia Tanganyika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea."

Najua utakachoniuliza kwanza: "Kwa nini umemwondolea Mjerumani udhalimu wake?" Sijamwondolea. Soma tena sentensi yako ya njaa. Umeandika "njaa ikazuka", kana kwamba ilikuwa mwaka wa ukame. Katika aya nzima uliyoijaza neno "dhalimu" na "unyama", jambo zito kuliko yote, kwamba chakula kiliteketezwa kwa makusudi, halipo. Mwanafunzi wa Masasi au Liwale angemaliza kusoma akiwa na hasira bila kujua ni nani alifanya nini. Sasa mtendaji yuko pale: majeshi ya serikali. Kitendo kipo, na idadi ya vifo ipo. Ataamua mwenyewe amwite nani dhalimu, na ninaamini hatakosea.

"Kwa mjeledi" nimelitoa ingawa watu walichapwa kweli. Katika sentensi yako linafanya kazi ya pambo. Ukiwa na mahali na chanzo cha kuchapwa huko, lete, tutaliingiza kama tukio.

Kuhusu idadi, nimeweka makadirio yote mawili pamoja na waliokadiria. Siwezi kuchukua lile kubwa peke yake kwa kuwa linatuuma zaidi, wala lile dogo kwa kuwa lilitolewa na serikali. Pengo kati ya 75,000 na 300,000 nalo ni sehemu ya habari, na "maelfu kwa maelfu" lilikuwa linalificha.

Sasa nije kwenye maneno mawili ambayo nadhani yalikuponyoka kutoka vitabu vya zamani, kwa sababu hayafanani na sehemu nyingine ya aya yako. Ni "uasi" na "ushirikina". Mwasi ni yule anayemgeukia mtawala wake halali. Ukiandika hivyo umekwishakubali kwamba Götzen alikuwa na haki ya kutawala Umatumbi. Na "ushirikina" ni hukumu ya dini moja juu ya nyingine. Nimeandika dawa ilikuwa nini na wafuasi waliamini nini. "Wakidhani" nimebadili kuwa "waliamini" kwa sababu hiyo hiyo: la kwanza linawacheka. Kwa upande mwingine, "nabii mkuu" linampandisha, na "mganga na kiongozi wa kidini" linatosha.

Hili la "makabila vibaraka" naomba tulizungumze kwa kirefu, maana najua huko kwenu bado linauma. Wahehe walikuwa wamepigana na Wajerumani kwa miaka mingi, na Mkwawa alijiua mwaka 1898 baada ya kuwindwa, ili asikamatwe. Watu waliokwishalipa gharama hiyo wanaweza kuwa na sababu nyingi za kutopigana tena miaka saba baadaye, na si kazi yetu kuzikisia ndani ya kamusi elezo. Tunaloweza kuthibitisha ni kwamba hawakujiunga na kwamba wengine walikuwa upande wa serikali. Hilo limeandikwa waziwazi. Sijalifunika ili kumfurahisha mtu wa Iringa.

"Mababu zetu" limeondoka kwa kuwa kitabu hiki kitasomwa pia Kisumu, Bujumbura na Muscat. "Kwa masikitiko makubwa", "kasi ya ajabu" na "kishujaa kuliko vyote" yamefutwa bila mbadala. Hayakubeba habari.

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Kwamba damu ya 1905 ilileta uhuru wa 1961 ni hoja inayoweza kutetewa, lakini ni hoja. Inayothibitika ni kwamba Nyerere alivitaja vita hivyo mwaka 1956 mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo nimeiweka hiyo mahali pake. Naona uhusiano uliotaka kuuonyesha haukupotea. Umepata tarehe na msemaji.

Lipo jambo moja ambalo sijaridhika nalo katika pendekezo langu. "Kwa malipo madogo" bado ni kipimo cha mwandishi. Madogo kulinganisha na nini? Ukipata kiasi walicholipwa wakulima wa wilaya mojawapo, tukiandike na tufute "madogo". Vilevile angalia "jamii kadhaa": nimeikwepa "makabila", lakini kama wazee wa huko wanapendelea kutajwa kwa majina tangu sentensi ya kwanza, nafasi ipo.

Aya ya pili, ya makumbusho ya Songea, bado sijaigusa. Nitakutumia Alhamisi.

Wako,
Mhariri wa makala za historia