Maelekezo ya kufika kwenye sherehe ya binti yetu itakayofanyika Hardy, Jumamosi

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa,

Bustani tutakayoandalia karamu ya harusi Jumamosi hii, kuanzia saa saba mchana, haina namba ya nyumba, na barabara inayoingia huko haina jina. Kwa hiyo tunawaomba mfuate pini tuliyotuma kwenye kundi la WhatsApp pamoja na alama zifuatazo.

Watakaotoka mjini wafuate Barabara ya Lang'ata, wapite Uwanja wa Nyayo, Uwanja wa Ndege wa Wilson na bustani ya Uhuru, hadi Galleria. Hapo msikate kushoto kuingia Barabara ya Magadi, kwani hiyo itawapeleka Rongai. Endeleeni moja kwa moja kuelekea Karen. Mkifika Hardy punguzeni mwendo na mtafute, upande wa kushoto, kanisa la mawe lenye paa la mabati ya kijani. Vitalu vya miche vilivyo kando ya lami visiwaongoze, maana ni vingi na vinafanana. Barabara yetu ya changarawe inaanza mara tu baada ya ukuta wa kanisa. Watakaotokea mzunguko wa Karen watalikuta kanisa hilo hilo mkono wa kulia, na wataingia kabla ya kulifikia.

Mkishaingia, nendeni kama nusu kilomita hadi mgumo mkubwa uliosimama penye njia panda. Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa sababu ramani huonyesha njia ya kulia kuwa fupi zaidi, ilhali njia hiyo inaishia kwenye lango la nyuma la jirani, ambalo halifunguliwi, na gari kubwa haliwezi kugeuka pale. Shikeni kushoto, hata simu ikisisitiza vinginevyo, hadi mwone tangi jeusi la maji juu ya mnara wa chuma. Lango letu ni la buluu, mkabala na tangi hilo, na pini imewekwa langoni penyewe. Vijana wetu wenye vitambaa vyeupe mkononi watawaonyesha mahali pa kuegesha.

Wanaokuja kwa matatu wapande namba 24 na wamwombe kondakta awashushe Hardy, penye kanisa. Kuanzia saa sita tutakuwa na gari la kuwabeba wazee na akina mama wenye watoto, ili pasiwe na mtu wa kutembea juani.

Tafadhali fungueni pini kabla ya kuondoka nyumbani na mhifadhi ramani ya eneo hilo kwenye simu, kwa kuwa mtandao hufifia baada ya mgumo. Ikinyesha, changarawe huteleza karibu na tangi, basi endesheni polepole. Atakayekwama apige namba iliyotuma ujumbe huu, aseme ni alama gani ameiona mwisho, nasi tutamtuma mtu amfuate.

Wazazi wa bibi harusi