Barua ya Kufungua Akaunti ya Biashara

Mwereni Sare na Ushonaji,
Kiborloni,
Moshi.

2 Septemba 2025

Meneja wa Tawi,
Benki ya CRDB,
Tawi la Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KUFUNGUA AKAUNTI YA BIASHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wabia wawili tunaoshona na kuuza sare za shule. Tunaomba kufungua akaunti ya hundi ya shilingi kwa jina la biashara yetu.

Tumeambatanisha cheti cha usajili wa jina la biashara na dondoo yake kutoka BRELA, mkataba wa ubia, cheti cha TIN, leseni ya biashara ya Manispaa ya Moshi, barua ya serikali ya mtaa, pamoja na nakala za vitambulisho vyetu vya NIDA na picha. Kwenye leseni eneo letu limeandikwa "Kiboriloni" na kwenye barua ya mtaa "Kiborloni". Ni mahali pamoja, fremu ileile.

Kuhusu miamala, tungependa mjue mapema kwamba fedha zetu huja kwa msimu. Mwezi wa kawaida tunatarajia kuingiza kama shilingi 7,000,000. Juni na Julai hufika 14,000,000 kila mwezi. Desemba na Januari, wazazi wanapokimbizana na shule kufunguliwa, huweza kufika 38,000,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa taslimu za noti ndogondogo tutakazoweka karibu kila jioni kwa wakala au dirishani. Shule binafsi hulipa kwa hundi au kuhamisha. Kwa mwaka jumla ni takriban 160,000,000, chini ya kiwango cha 200,000,000 cha kusajiliwa VAT, ndiyo maana hamtaona cheti hicho.

Zinazotoka ni malipo ya vitambaa kwa wauzaji wa jumla Kariakoo, mishahara ya mafundi sita kila tarehe 25, kodi ya fremu 900,000 kila miezi mitatu, na kodi za TRA. Novemba salio litashuka sana, kwa kuwa ndipo tunaponunua vitambaa vya msimu. Hatutarajii fedha za kigeni.

Tutaanza na 1,000,000 taslimu. Kisha itahamishwa 6,350,000 kutoka akaunti binafsi ya Bi. Lyimo. Hiyo ni mauzo ya biashara yaliyokuwa yakipitia kwake, hela ya vitambaa ikichanganyika na ada za watoto. Taarifa ya akaunti hiyo ya miezi sita imo humu.

Kila hundi na kila agizo la malipo lisainiwe na wabia wote wawili. Mmoja wetu akileta lenye saini moja, hata akisema ni dharura, tafadhali lisipokelewe.

Mkihitaji kuona duka, tupo Jumatatu hadi Jumamosi.

Wako katika biashara,

Anna Lyimo
Mbia

Hadija Msangi
Mbia