YAH: MAPENDEKEZO YA KANUNI ZA MAANDISHI ZA KUNDI LETU LA BAHATI NASIBU

Chumba cha Masjala,
Shangani, Mtwara.
15 Septemba 2025

Kwa: Wanachama wote kumi na wanne wa kundi la bahati nasibu

Ndugu wanachama,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kupendekeza kwamba kundi letu, ambalo tangu lianze limeendeshwa kwa mazoea na kuaminiana, lijiwekee kanuni za maandishi zitakazosainiwa na kila mwanachama kabla ya msimu wa korosho kuanza. Nataja msimu kwa makusudi. Ukifika Oktoba, nusu yetu tutatawanywa kwenye maghala na minada ya Newala, Tandahimba na Masasi, tutarudi ofisini kwa zamu, mtandao utakuwa wa kubahatisha, na kila wiki atakosekana mtu siku ya mchango. Tukiingia msimu tukiwa hivi tulivyo, yaliyotokea Agosti yatajirudia.

Kwa faida ya wenzetu waliokuwa likizo, yaliyotokea ni haya. Tiketi zetu zilishinda, na shilingi 84,000 ziliingia kwenye simu ya mnunuzi wetu. Wiki hiyo walikuwa wamelipa watu kumi na wawili. Wawili waliobaki walikuwa safarini kikazi: mmoja hakutuma neno lolote, na wa pili alimwandikia mwenzake ujumbe wa “nilipie, nitakurudishia”, ujumbe uliosomwa jioni tiketi zikiwa zimeshanunuliwa. Tukigawanya kwa kumi na wawili, kila mmoja anapata 7,000. Tukigawanya kwa kumi na wanne, kila mmoja anapata 6,000. Mgogoro wote, pamoja na salamu zilizokatika baina ya stoo na mapokezi hadi leo, ulikuwa wa shilingi elfu moja kwa kichwa. Sina nia ya kufufua nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba kila upande ulidai kwa dhati kuwa “ndivyo tulivyokubaliana”, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha tulikubaliana nini.

Sisi hatuhitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Kila msimu tunamwambia mkulima asiondoke ghalani bila stakabadhi yake, hata kama karani wa mizani ni mtoto wa dada yake. Tiketi ya kundi nayo naomba itazamwe kwa jicho hilo hilo.

Jambo lililo zito kuliko yote ni tiketi iko kwa jina la nani. Tunaponunua kwa simu, tiketi inafungamana na namba iliyotumika kununua, na namba hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha mtu mmoja. Fedha ikiingia, mbele ya mtandao wa simu na mbele ya mwendeshaji wa mchezo ni mali ya mtu huyo. Sisi kumi na watatu tuliobaki hatuonekani popote. Mnunuzi wetu wa sasa ni mwaminifu na nampongeza. Lakini hata mwaminifu anaweza kuugua, kupoteza simu au kufariki dunia, na hapo tutakuwa tunazungumza na ndugu zake ambao hawajawahi kusikia habari za kundi. Kwa hiyo napendekeza kanuni ya kwanza iseme wazi kwamba mnunuzi hununua kwa niaba ya wanachama waliolipa wiki hiyo, kwamba ushindi wowote ni amana mikononi mwake, na kwamba yeye ana fungu moja tu kama wengine. Aidha, mnunuzi asinunue tiketi zake binafsi kwa namba hiyo; akitaka kucheza peke yake, atumie laini nyingine. Hapo hakuna atakayeuliza iliyoshinda ilikuwa ya nani.

Kuhusu michango, napendekeza tubaki na shilingi 1,000 kwa wiki, mwisho ukiwa Alhamisi saa 9 alasiri. Mchango utahesabika umelipwa pale muamala utakapoonekana kwenye simu ya mnunuzi, au fedha taslimu itakapopokelewa na jina kuandikwa daftarini. Anayekwenda safari anaweza kulipa wiki kadhaa mbele. Asiyeweza kulipa mbele anaweza kulipiwa na mwenzake, na kulipiwa huko kutakuwa deni baina ya wao wawili, huku fungu likibaki la aliyelipiwa. Sharti ni kwamba fedha iwe imemfikia mnunuzi kabla ya saa 9. Ujumbe wa ahadi pekee, hata ukitumwa mapema, hautakuwa mchango. Najua kanuni hii itamwumiza mtu siku moja, pengine itaniumiza mimi, lakini nimejaribu kuitunga kwa namna nyingine na kila mara inaishia kwenye mjadala wa nani aliona ujumbe saa ngapi. Asiyelipa wiki fulani hana fungu la wiki hiyo, na wala hadaiwi. Wiki inayofuata ataendelea kama kawaida.

Baada ya saa 9, mnunuzi atanunua tiketi kwa fedha yote iliyopatikana, na kabla ya droo ataweka kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya kila tiketi au ujumbe wa uthibitisho, pamoja na majina ya waliolipa. Tiketi isiyowekwa humo kabla ya droo si ya kundi. Katibu, ambaye napendekeza asiwe mtu mmoja na mnunuzi, atanakili namba hizo daftarini siku hiyo hiyo. Tukinunua tiketi za karatasi, ziandikwe nyuma “Mali ya kundi” kwa kalamu ya wino, zisainiwe na mnunuzi na katibu, kisha zifungiwe kwenye kabati la masjala. Maandishi hayo yasiguse namba wala alama zinazosomwa na mashine.

Wapo wanaotaka tuwe na namba zetu za kudumu. Mimi napinga. Namba za kudumu zina ubaya mmoja usioonekana hadi siku uovu wenyewe unapotokea: wiki ambayo mnunuzi ameshindwa kununua, kila mtu atakuwa anazijua namba na ataziangalia. Zikitoka, tutamdai mwenzetu mamilioni ambayo hayakuwahi kuwapo. Heri mashine ichague. Kwa vyovyote vile, iandikwe kwamba endapo tiketi hazikununuliwa kwa sababu ya mtandao, ugonjwa au usahaulifu, kila aliyelipa atarudishiwa 1,000 yake au itahamia wiki inayofuata, na hakuna atakayemdai mnunuzi ushindi wa kufikirika. Bila kinga hiyo sioni mtu mwenye akili timamu atakayekubali kazi ya kununua.

Mgawanyo wenyewe ni mwepesi. Kiasi cha kugawanywa ni kile kilichobaki baada ya kodi inayokatwa kisheria na gharama za kutuma fedha, na kitagawanywa sawa kwa wote waliolipa wiki ya tiketi iliyoshinda, bila kujali cheo, umri wala nani ameanza na kundi. Ushindi usiozidi shilingi 20,000 usigawanywe. Uongezwe kwenye tiketi za wiki inayofuata kwa niaba ya wale wale walioshinda. Ukizidi hapo, kila mtu atumiwe fungu lake ndani ya siku tatu, na orodha ya miamala iwekwe kwenye kundi. Ukizidi shilingi milioni moja, mnunuzi asiguse fedha hiyo kabla ya kutoa taarifa, na wanachama wawili waliochaguliwa washuhudie kila hatua. Na ikiwa ni zawadi kubwa ya kumtaka mshindi afike na kitambulisho, mnunuzi asiende peke yake. Aende na wawili hao wakiwa na kanuni zilizosainiwa, waombe fedha ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti za wanachama, na hilo lisipowezekana, ilipwe kwa mnunuzi kisha igawanywe benki mbele yao.

Jambo la kutangaza nalo liandikwe, ingawa baadhi yenu mtacheka. Mji wetu ni mdogo. Habari ikitoka Shangani asubuhi, mchana iko Mikindani. Hakuna mwanachama atakayetaja jina la mwenzake kwa mtu wa nje, kwa vyombo vya habari wala kwenye mitandao bila ridhaa yake.

Mwanachama akihama, akistaafu au akijitoa, haki yake kwenye tiketi alizokwisha kulipia inabaki. Akifariki, fungu lake litakabidhiwa kwa msimamizi wa mirathi, si kwa ndugu wa kwanza kufika. Mwanachama mpya ataanza kuhesabiwa baada ya kusaini. Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo wasipokelewe kama hawajafikisha miaka 18, kwa kuwa sheria za michezo ya kubahatisha nchini zinakataza.

Naomba pia tuheshimu wenzetu ambao hawachezi, wakiwemo wale wanaoiona kamari kuwa haramu. Wasiombwe mchango, wasitaniwe siku tukishinda, na michango isikusanywe mbele yao kana kwamba ni harambee ya ofisi. Shughuli hii isifanywe saa za kazi wala kwa karatasi za mwajiri, na hakuna mkuu wa kitengo atakayemshawishi aliye chini yake kujiunga.

La mwisho ni kiwango. Kwenye mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, kwa mfano, mikusanyiko inayowezekana ni 13,983,816, na tiketi zetu kumi na nne hazitikisi hesabu hiyo. Hii ni burudani yetu ya elfu moja, si mpango wa maendeleo. Hivyo mchango usipandishwe katikati ya msimu kwa hoja ya “kurudisha zilizopotea”, na mabadiliko ya kanuni yoyote yapate kura za theluthi mbili ya wanachama na yaanze wiki inayofuata, yasirudi nyuma kwenye tiketi iliyokwisha kununuliwa.

Napendekeza tukutane Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, saa 10 jioni, chini ya mwembe nje ya geti. Nakala ya rasimu iko kwangu masjala. Mwenye marekebisho ayaandike pembeni kwa kalamu ya buluu na kuweka jina lake kabla ya Jumatano tarehe 24. Walio safarini wanitumie maoni kwa ujumbe, nami nitayasoma kikaoni kama yalivyo. Tukikubaliana, tutasaini nakala mbili, moja ikae kwa katibu na nyingine kwa mnunuzi, na kanuni zitaanza kutumika kwa mchango wa Alhamisi, tarehe 2 Oktoba. Suala la zile 84,000, ambazo bado zimeshikiliwa, liwe ajenda ya kwanza, na liamuliwe kwa kura kabla hatujagusa rasimu.

Wenu katika kazi,

Karani wa Masjala,
Mwanachama wa kundi