Omena Haiozei Ziwani: kipindi kipya cha podikasti ya Ufuoni

Slaidi ya 1

OMENA HAIOZEI ZIWANI

Inaozea nchi kavu, mvuvi akiwa ameshalipwa na amekwenda kulala.

Podikasti ya Ufuoni, kipindi cha 14. Dakika 38 kutoka Dunga, Kisumu.

Telezesha 👉🏾

Slaidi ya 2

Gorogoro mbili za omena zimetoka ziwa moja, usiku mmoja. Kwa nini sokoni Kibuye bei zake hazikaribiani?

Moja inang'aa, inapakiwa gunia kwenda Nakuru. Nyingine imegeuka kahawia na imejaa mchanga, na anayeitaka ni mtengenezaji wa chakula cha kuku.

Tulimfuata mama anayeinunua ikiwa mbichi mpaka alipoiuza kavu. Tofauti yote inazaliwa katika saa chache za hapo katikati.

Slaidi ya 3

KWANZA, MWEZI

Omena huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi zaidi ni taa za betri na sola. Samaki hukusanyika kwenye mwanga, kisha wavu unazungushwa.

Mwezi mpevu ukitoka, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haivuti kitu. Mitumbwi inarudi miepesi, bei inapanda. Kwa hiyo ukiwa na kibanda Kondele au Nakuru, angalia mwezi kabla hujaagiza mzigo.

🎧 Dakika ya 6

Slaidi ya 4

"Mvua ikinikuta omena iko chini, sina pa kwenda. Kuirudisha ziwani siwezi. Kuiuza mbichi, nani atainunua? Na mwenye mtumbwi nimeshamlipa. Nakaa hapo nauangalia mtaji wangu ukinuka."

Mama mkausha omena, Dunga

Slaidi ya 5

HASARA NI YA NANI?

Ni ya huyo mama, karibu kila mara. Alfajiri anamlipa mvuvi kwa karai, omena ikiwa bado inadondosha maji. Kuanzia dakika hiyo kila kitu kiko juu yake.

Omena haipasuliwi tumbo kama ngege. Inaanikwa nzima na utumbo wake, kwa hiyo ikikosa jua inaanza kuharibika siku hiyo hiyo. Jua likiwaka vizuri, iliyotandazwa asubuhi inaweza kukusanywa jioni. Mawingu yakitanda inalala mbichi, na kesho yake rangi imebadilika na mafuta yameanza kuchacha.

Na Kisumu mvua haingoji msimu. Asubuhi jua kali, alasiri radi.

🎧 Dakika ya 13

Slaidi ya 6

KICHANJA KIMOJA KINABADILISHA NINI?

Wengi bado wanaanika kwenye nyavu kuukuu zilizotandikwa chini. Maji yanatuama, mchanga unapanda, kuku wanapita juu.

Kichanja ni fito na wavu wa matundu madogo, kimo cha kiuno. Hewa inapita juu na chini, maji yanachuruzika, omena inakauka upesi zaidi ikiwa safi. Mawingu yakikusanyika unafunika turubai papo hapo, bila kukimbizana na kuzoa. Sharti ni moja: itandazwe nyembamba. Ukiirundika, ya katikati inaiva kwa joto lake yenyewe.

Mama mmoja alitubishia waziwazi. Kichanja chake ni kidogo. Siku mitumbwi ikijaa, nusu ya mzigo inarudi chini vilevile. Anasema ukweli, na hatukuikata sehemu hiyo. Wenzake wanachangishana kwenye chama ili waongeze vichanja, na wanaeleza wazi pesa inavyozunguka.

🎧 Dakika ya 17. Kama una dakika tano tu, sikiliza hapa.

Slaidi ya 7

UKIENDA SOKONI

Chukua kiganja kimoja, usiharakishe. Omena nzuri ina rangi ya fedha, kichwa hakijakatika, tumbo halijapasuka. Ikunje: iliyokauka inavunjika, iliyo na unyevu inapinda. Kisha inuse, harufu ya samaki ni sawa, harufu ya mafuta yaliyochacha si sawa.

Ukifika nyumbani, itie kwenye maji ya moto na uangalie chini ya sufuria. Mchanga utakuambia ilianikwa wapi.

Slaidi ya 8

KWA NINI TUNAJALI

Sangara aliletwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo zilikuwa zimetoweka au kubaki chache mno. Omena ikadumu, kwa sababu inazaana upesi. Leo minofu ya sangara inasafirishwa ng'ambo; omena ndiyo inayobaki kwenye ugali wetu. Huliwa na mifupa yake, hivyo mtoto anapata madini ya kalisi kwa bei ambayo mzazi anaimudu.

Tena Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, na uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Kwa samaki tunaowapata kwa kipimo hivyo, kila karai linaloozea mchangani linaniuma.

Slaidi ya 9

PIA TUMEZUNGUMZA JABOYA

Mwanamke kulazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Hatukuizunguka. Mama aliyekubali kusimulia anaeleza jinsi deni la mzigo ulioharibika linavyomrudisha mtu kwa mvuvi yule yule. Sauti yake tumeibadilisha kwa ombi lake.

🎧 Dakika ya 29. Tafadhali usisikilize sehemu hii na watoto wakiwa karibu.

Slaidi ya 10

SIKILIZA SASA

"Omena Haiozei Ziwani" kiko hewani tangu leo asubuhi. Tafuta "Ufuoni" popote unaposikilizia podikasti, au bonyeza kiungo kwenye wasifu wetu. Ni bure.

Kama hujawahi kutusikiliza, anza na hiki. Hakihitaji ujue vipindi vilivyotangulia.

Kipindi kipya kila Alhamisi.

Maelezo chini ya picha

Wageni wetu wiki hii ni akina mama watatu wa Dunga wanaonunua, kuanika na kuuza omena, na mvuvi mmoja ambaye alitoka ziwani na kuja moja kwa moja kwenye maikrofoni akiwa bado amelowa. Wamezungumza Kiswahili, Dholuo kikichomoza pale moyo ulipochemka. Hapo tumetafsiri taratibu, nawe utafuata bila shida.

Akina mama wameomba jambo moja: kipindi kiwafikie wanunuzi wa jumla wa Nakuru, Kakamega na Eldoret, ili wajue kwa nini omena ya kichanja inaongezwa shilingi kidogo juu. Kama unamjua mnunuzi kama huyo, mtumie slaidi ya 6 na ya 7 kwenye WhatsApp leo.

Na utuandikie hapa chini: gorogoro ya omena ni shilingi ngapi sokoni kwenu wiki hii, na ni ya rangi gani? Taja soko. Alhamisi ijayo tutasoma bei zenu mwanzoni mwa kipindi, tukiwa na akina mama hao hao.

#Ufuoni #Omena #Kisumu #Dunga #Nakuru #PodikastiYaKiswahili