Jembe la Siku ya Tatu

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Namaste. Sat Sri Akal. Oimore. Mulembe.

Mwenyekiti wetu, mashehe, mapadre na wachungaji, wazee, akina mama na vijana mliotoka Ahero, Kondele, Nyalenda na hata ng'ambo ya Nyando, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Kamati iliniambia, "Mwalimu, kabla hatujapanga msaada kwa watakaofurikiwa na mvua za masika, tuletee misemo ya wema kutoka dini zetu zote." Nimeileta. Lakini naomba mnivumilie kwa jambo moja: sikuja kuwaambia kwamba misemo hii yote inasema kitu kimoja. Nimeisoma kwa miezi miwili, na nimeona kila mmoja una mahali pake unapobana. Mara nyingi unaonibana mimi haukutoka kwenye kanisa langu.

Nianze na ule ambao kila mtu anautarajia. Yesu katika Mathayo 7:12 anasema tuwatendee watu yale tunayotaka tutendewe. Mtume Muhammad anasema hajaamini mmoja wetu mpaka ampendelee nduguye anachokipendelea nafsi yake. Rabi Hileli, mgeni alipomtaka amfundishe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja, alimjibu: lililo chukizo kwako usimfanyie mwenzako, mengine yote ni ufafanuzi, nenda ukajifunze. Ni maneno mazuri na tunayajua. Hata hivyo, mtu akiyashika vibaya, anajifanya yeye ndiye kipimo. Katika kambi moja ya waliofurikiwa nilikopeleka nguo, niliona sufuria kubwa la nyama likipakuliwa kwa moyo safi kabisa, huku akina mama watatu wa Kiislamu wamekaa kando na watoto wao, hawali. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani kachinja. Mpishi aliwatendea kama ambavyo yeye angetaka kutendewa. Ninyi mnajua desturi yetu huku kwetu kwenye matanga: mwenye msiba, hata kama ni Mkristo na ukoo wake wote ni Wakristo, humtafuta Mwislamu amchinjie ng'ombe ili kila atakayekuja kulia naye aweze pia kula naye. Mimi naona desturi hiyo imeielewa Mathayo 7:12 kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Sasa njoo kwenye kutoa kwenyewe. Kambini huko huko palikuja kundi moja na lori la unga. Sitalitaja. Watu walipangwa foleni, na kila mama alipofika mbele alishikishwa pakiti ya kilo mbili, akaambiwa ageukie kamera, atabasamu. Kuna bibi mmoja aliyekuwa amezika mjukuu wiki ile. Aliambiwa atabasamu mara ya pili kwa sababu picha ya kwanza haikutoka vizuri. Nilisimama pale sikusema neno, na mpaka leo najilaumu.

Hapa ndipo dini zetu zinakaribiana zaidi kuliko mahali pengine popote nilipotazama. Kurani, sura ya pili aya ya 263, inasema kauli njema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi. Sikilizeni uzito wake: afadhali urudi na unga wako nyumbani lakini umeniambia neno jema. Injili, Mathayo sura ya sita, inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Na Bhagavad Gita, mlango wa 17, inagawanya utoaji mafungu matatu. Kuna kutoa kwa sababu inapasa, kwa mtu asiyeweza kukulipa, mahali panapofaa na wakati unaofaa. Kuna kutoa huku unatazamia malipo, au huku moyo unakuuma. Na kuna kutoa mahali na wakati usiofaa, bila heshima, kwa dharau. Hilo ndilo fungu la mwisho kabisa, la gizani. Ndugu zetu Wahindu, nawaonea wivu kwa aya hizo, maana zimelitaja lile lori waziwazi. Injili inamwonya mtoaji asijionyeshe. Kurani inamlinda anayepewa asiumizwe. Gita inauliza mahali, wakati na heshima. Masika haya tukiyaweka yote matatu mezani, picha hazitapigwa.

Nitataja kwa kifupi vitu vidogo. Ipo sura fupi katika Kurani, ya 107, inaitwa Al-Maun. Inawakemea watu wanaosali huku wanajionyesha na wanazuia vitu vidogo vya kusaidiana. Wafasiri wa tangu zamani wametaja vitu gani: chungu, ndoo, shoka. Yaani vile vitu tunavyoazimana! Mtu anaweza kusali na kufunga, kisha jirani akibisha kuomba ndoo anajibiwa kuwa imetoboka. Na Mtume alimwambia sahaba wake Abu Dhari: ukipika mchuzi, ongeza maji, uwaangalie jirani zako. Hakusema ongeza nyama. Waswahili nao wanasema kutoa ni moyo, si utajiri. Nimeipenda misemo yote miwili, lakini ule wa mchuzi unanibana zaidi kwa sababu haunipi nafasi ya kusema sina. Maji ninayo.

Penye mvutano wa kweli ni kwa mgeni. Taittiriya Upanishadi, andiko la Wahindu, inamfundisha mwanafunzi anayemaliza masomo: mama awe mungu kwako, baba awe mungu kwako, mwalimu awe mungu kwako, mgeni awe mungu kwako. Mambo ya Walawi 19:34 inasema mgeni akaaye nanyi awe kama mzalia kwenu, umpende kama nafsi yako, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Mmoja anakupa sababu ya mbinguni, mwingine anakukumbusha njaa ya babu yako. Kisha sisi Waswahili tunakuja na letu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiucheka msemo huu, wakiuona ni wa mtu mchoyo. Nami kwa miaka mingi niliufundisha hivyo hivyo. Nilibadilika niliposoma Maimonidi, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefia Misri mwaka 1204. Alipanga sadaka katika daraja nane. Daraja ya juu kabisa, juu hata ya ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani, ni kumshika mkono mtu aliyeanguka kwa kumpa mkopo, au kushirikiana naye katika biashara, au kumtafutia kazi, hadi asihitaji tena kuomba. Nilifunga kitabu nikawaza: basi bibi zetu walikuwa wamekwisha kusema. Siku mbili za kwanza mgeni ni mungu, anakalishwa na kulishwa. Siku ya tatu unampa jembe kwa sababu ni mtu wa nyumbani, ana shamba la kulima kama wewe. Angebaki kwenye kiti cha mgeni mwezi mzima, angekuwa bado si mwenzenu.

Lakini jembe lina siku yake, na hapo ndipo tulikosea mara iliyopita. Wapo waliowapa watu majembe na mbegu wakati mashamba yao yalikuwa bado chini ya maji. Na wapo waliowapa unga mwezi wa nne mfululizo, watu wazima wenye nguvu, mpaka wakaona haya kusimama kwenye foleni. Upanishadi na methali yetu havipingani ukijua leo ni siku ya ngapi. Kamati ikae na hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Nimalize na msemo uliotoka hapa hapa. Wajaluo wanasema, "Alot michayo ema tieko kuon." Mboga unayoidharau ndiyo inayomaliza ugali. Nimeuweka kando ya habari ya Msamaria katika Luka 10, na tangu nifanye hivyo siwezi tena kuihubiri ile habari kama zamani. Tunaambiwa daima tuwe kama Msamaria. Itazameni tena. Mwanasheria anauliza, "Jirani yangu ni nani?" Yesu anamjibu kwa kumlaza barabarani, amevuliwa nguo, karibu ya kufa, na anayekuja kumfunga jeraha ni mtu wa watu anaowadharau. Mboga ileile.

Ndugu zetu Masingasinga wana habari yao iliyo jirani na hii. Mwanzoni mwa karne ya 18, vita vilipokuwa Anandpur, Bhai Kanhaiya alikuwa akiwapa maji majeruhi, wa kwao na wa adui. Wenzake wakamshtaki kwa kiongozi wao, Guru Gobind Singh. Kanhaiya akajibu kwamba katika kila uso alimwona Guru mwenyewe. Guru akampa na dawa ya kupaka, ili asiishie kwenye maji. Kanhaiya anatufundisha kumpa adui. Msamaria anatufundisha kupokea kutoka kwake, na kwangu mimi hilo ni gumu zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu Januari 2008 nilikuwa Nakuru, nikifundisha. Langoni kwetu palikuwa na mama aliyeuza sukuma wiki. Nilikuwa nikimpunguzia bei kila jioni, na jina lake sikuwahi kumwuliza. Mji ulipochafuka na majirani wa ploti wakaanza kuulizana nani ni wa kabila gani, yeye, ambaye hakuwa wa kabila langu, ndiye aliyegonga dirisha usiku akasema, "Mwalimu, toa watoto, mje kwangu." Tulilala chini ya kitanda chake siku mbili. Tulikula sukuma. Siku ya tatu alitupandisha kwenye gari la mizigo na akakataa pesa. Niliulizia jina lake gari likiwa limeshawashwa. Aliniambia, na kelele ya injini ikalimeza.

Basi, tutakaa meza sita. Kila meza itapewa msemo wa dini ambayo kwa wengi wenu pale si yenu, na swali ni hili: unawabana wapi? Msiusifu tu. Mwandike kitu kimoja ambacho kamati ifanye tofauti masika haya. Akina mama wa gurudwara, hekalu la Masingasinga, wamepika dengu na chapati, na kwa desturi ya langari tutakula sote tumeketi mikekani, safu moja. Nimeulizia: hakuna nyama ndani. Naweni mikono upande wa kulia, kuna ndoo mbili za kuazima.

Ahsanteni.