Chai ya Maziwa, Usiku wa Julai, Moshi: muswada wa kunong'ona

Tunarekodi saa nane usiku, barazani kwetu Rau, bodaboda zikiwa zimelala na jogoo wa jirani hajaanza vituko vyake. Jiko ni la mkaa. La gesi linavuma mfululizo na kumeza sauti zote ndogo. Mkaa haurudi ndani hata baridi ikizidi, hewa yake si ya kuchezea. Maikrofoni moja kwenye kinu, nyingine pembeni ya sufuria, mvuke usiifikie. Dogo anashika simu; avue viatu, na kama ana mafua akalale.

/ pumzi moja. // hesabu hadi tatu. /// hesabu hadi kumi, mdomo umefungwa.
[MN] mnong'ono. [SC] sauti ya chini, koo linasikika kidogo.
Neno linaloanza na p au b, geuza uso pembeni. "Pole" ya juzi ililipuka kama tairi.

[SAUTI: mkaa unatatarika. Sekunde 20 kabla ya neno lolote.]

[MN, kushoto] Karibu. // Pole na kazi. // Vuta shuka, / miguu isibaki nje. ///

[MN, kulia] Huku kwetu ni kipupwe. / Mlima umejifunika tangu jioni, / na mimi nimejifunika khanga mbili. //

[SC] Najua, / Moshi ni mji wa kahawa. / Kahawa tutainywa asubuhi. //

[SAUTI: maji kutoka kwenye jagi, kikombe kimoja na nusu, yashuke polepole ukutani mwa sufuria. Usiyamwage katikati, yanapiga kelele ya bomba.] ///

[MN] Sasa tangawizi. // Kipande cha urefu wa kidole gumba. / Simenyi, / nakwangua tu kwa kijiko. //

[SAUTI: kijiko kwenye ganda, kwaru, kwaru, kwaru. Sekunde 30. Hapa usiseme kitu. Ukijisikia kusema, meza mate mbali na maikrofoni.]

[MN, kushoto] Iliki nne. // Moja. // Mbili. // Tatu. // Hii ya nne / imepasuka yenyewe. //

[SAUTI: iliki zinadondoka kinuni moja moja, kila moja kwa hesabu yake. Kisha mchi: mapigo matatu mazito, tulia, kisha kusaga kwa kuzungusha, jiwe kwa jiwe. Dakika nzima. Hapa ndipo watu husinzia, usikate wakati wa kuhariri.] ///

[MN, kulia, karibu sana] Harufu hii... / ningekuwa na namna ya kukutumia. //

[SAUTI: tangawizi na iliki zinaingia majini. Chubwi. Subiri viputo vya kwanza.]

[SC] Tangawizi ichemke na maji kwanza. / Ikikutana na maziwa ingali mbichi, / maziwa yanakatika. // Mara ya kwanza nilibaki na mabonge, / na dogo akayanywa hivyo hivyo. //

[Dogo akicheka, tuache. Akicheka tena, tukate.]

[MN] Sikia. /// [SAUTI: viputo vidogo, kisha vikubwa. Sogeza maikrofoni kwa upole.] /// Yameanza. // Kwa mwinuko wa Moshi / maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97, / hayangoji 100. //

[SAUTI: kopo la majani ya chai. Gonga kifuniko kwa kucha, tap tap, tap tap, kushoto kisha kulia. Fungua. Kijiko kinazama kwenye majani, chakacha.]

[MN] Kijiko kimoja. // Na nusu. // Ni usiku, tusiyazidishe. //

[SAUTI: maziwa, kikombe kimoja, uzi mwembamba. Mlio wa kuchemka unakatika ghafla. Huo ukimya ni wa kwetu, uache.] ///

[MN, polepole kuliko kote] Inabadilika rangi. // Nyeupe. /// Mchanga. /// Udongo wa shamba baada ya mvua. ///

[SAUTI: chai inapanda, fuuu. Inua sufuria kabla haijafurika, irudi chini. Mara tatu. Ikimwagika kwenye mkaa tunaanza upya.]

[MN] Imepanda... / ishuke. // Imepanda... / ishuke. // Vuta pumzi nayo. // Imepanda... / toa pumzi, / ishuke. ///

[SAUTI: chujio juu ya kikombe cha bati. Mimina kutoka juu kidogo, mlio uanze mnene upande kuwa mwembamba kikombe kinapojaa. Matone ya mwisho: to. To. To.]

[MN, kushoto] Sukari? // [MN, kulia] Kimoja tu. //

[SAUTI: kijiko kinakoroga bila kugusa ukingo, kisha kiguse mara moja. Ting.] ///

[MN] Ya moto hii. / Puliza. //

[Pulizo moja refu, pembeni ya maikrofoni.]

[SAUTI: funda moja. Kikombe kinatua mezani. Dogo asizime simu. Mkaa pekee, dakika mbili, au mpaka jogoo.]